Mvua Iliyo Kwenye Jedwali ni ya Shamba Gani?

Chukua mashamba mawili kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, kati ya Himo na Marangu. La kwanza liko kwenye longitudo 37.52 na latitudo -3.32, la pili kwenye 37.54 na -3.34. Mtafiti ameshauliza habari za mbegu, mbolea na mavuno, na majibu yote yamo kwenye jedwali, shamba moja mstari mmoja. Zimebaki safu mbili tupu: mvua ya mwezi wa Aprili na mwinuko kutoka usawa wa bahari. Wakulima hawana kipimamvua, kwa hiyo namba hizo itabidi zichotwe kwenye rasta.

Rasta ni ramani iliyogawanywa miraba kama sakafu ya vigae, na kila mraba, yaani pikseli, umebeba namba moja tu. Kwa mvua, wengi katika kanda yetu hutumia CHIRPS, inayotayarishwa na Chuo Kikuu cha California cha Santa Barbara kwa ushirikiano na Shirika la Jiolojia la Marekani. Takwimu zake zinaanzia mwaka 1981. Hupatikana kwa kukadiria mvua kutokana na ubaridi wa vilele vya mawingu unaoonekana na satelaiti, kisha makadirio hayo husahihishwa kwa vipimo vya vituo vya mvua vilivyopo ardhini. Pikseli yake ina upana wa nyuzi 0.05, ambazo huku kwetu karibu na ikweta ni kilomita tano na nusu hivi.

Kuchota namba ni hesabu ya kutafuta shamba limeangukia mraba gani. Ukingo wa magharibi wa CHIRPS uko kwenye longitudo -180 na ukingo wa kaskazini kwenye latitudo 50. Shamba letu la kwanza liko nyuzi 217.52 mashariki ya ukingo ule. Gawanya kwa 0.05, unapata 4350.4, maana yake limeshapita miraba 4,350 na limo ndani ya unaofuata. Kushuka kusini ni nyuzi 53.32, sawa na miraba 1066.4. Ukifanya hivyo kwa shamba la pili utapata 4350.8 na 1066.8. Desimali zimebadilika, lakini mraba ni uleule.

Basi mashamba yote mawili yatapewa mvua sawasawa, hadi milimita ya mwisho, ingawa yako umbali wa kilomita tatu hivi na moja linaweza kuwa juu ya jingine kwa zaidi ya mita 100. Kwenye mteremko huu mvua huongezeka kadiri unavyopanda kuelekea msituni, na mkulima wa Marangu anajua kabisa kwamba mvua yake si ya Himo. Pikseli hailijui hilo. Inatoa wastani wa zaidi ya hekta 3,000, na wastani huo ndio unaoingia kwenye safu yenye kichwa kinachosema mvua ya shamba.

Kwa anayetumia programu ya R, kazi yote ni mistari michache:

```
library(terra)
mvua <- rast("chirps-v2.0.2020.04.tif")
d <- read.csv("mashamba.csv")
p <- vect(d, geom = c("lon", "lat"), crs = "EPSG:4326")
d$mvua <- extract(mvua, p)[, 2]
length(unique(d$mvua))
```

Kwenye QGIS chombo chake kinaitwa `Sample raster values`. Mstari wa mwisho hapo juu ndio ninaousisitiza kuliko yote. Unahesabu namba tofauti za mvua zilizopatikana. Mashamba 200 yakitoa namba tisa tu, una vipimo tisa vya mvua, si 200, na uchambuzi unaohusisha mvua na mavuno lazima ukubali hivyo. Wapo wanaokimbilia njia ya `bilinear`, inayochanganya pikseli nne za jirani ili kila shamba lipate namba yake. Safu hupendeza kuitazama, lakini hakuna tone jipya la mvua lililopimwa.

Hatari nyingine iko kwenye `c("lon", "lat")`. Watu wengi tumezoea kutaja latitudo kwanza, na kompyuta inataka longitudo kwanza. Ukizigeuza, shamba la Kilimanjaro linahamia kusini mwa Hispania, kwenye jimbo la Granada. CHIRPS inafika hadi huko, kwa hiyo programu haitalalamika. Itakupa mvua ya Granada. Alama ya kutoa ikidondoka kwenye latitudo, shamba linakwenda Marsabit, kwenye nyika kame ya kaskazini mwa Kenya, na namba itakayorudi ni ndogo lakini ya kuaminika kwa macho. Kinga yake ni kuikata rasta kwanza kwa `crop` ibaki na Mkoa wa Kilimanjaro tu. Nukta iliyopotea haitapata kitu, itarudi `NA`, na utaiona. Mwenye mashamba ya Pwani au Unguja aangalie pia namba -9999, ambayo CHIRPS huiweka mahali pasipo na thamani, kama baharini. Ikiachwa ndani ya jedwali, huvuruga kila wastani.

Mwinuko una tabia tofauti. Rasta ya SRTM ilipimwa kwa rada ya chombo cha Endeavour mwezi Februari mwaka 2000, na pikseli yake ni mita 30 hivi. Shamba la ekari moja huchukua pikseli nne tu, na hapo usahihi wa nukta unakuwa na uzito ambao haukuwa nao kwenye mvua. Desimali mbili za nyuzi, kama nilizoandika mwanzoni kwa urahisi wa hesabu, huacha nafasi ya kilomita moja hivi. Kwa CHIRPS mara nyingi zinatosha. Kwa SRTM mlimani zinaweza kukupa mwinuko wa bonde la jirani, hivyo andika angalau desimali nne, ambazo ni kama mita 11. Na chini ya migomba na migrevilea rada haikufika ardhini kila mahali. Sehemu ya urefu wa miti imo ndani ya namba.

Tena kuna swali la wapi mpimaji alisimama. Kaya nyingi za Wachaga zina kihamba nyumbani, penye migomba na kahawa, na shamba la mahindi tambarare, kilomita kadhaa chini. Mahojiano hufanyika nyumbani na GPS husomwa hapohapo. Ukiunganisha mahindi ya tambarare na mwinuko wa kihamba, umelipandisha shamba mlimani mamia ya mita, na hakuna `NA` itakayokuonya. Nukta ichukuliwe kwenye kila kipande, au jedwali liseme wazi kwamba ni ya nyumba.

Baadhi ya nukta zimesogezwa kwa makusudi. Tafiti za afya na idadi ya watu za DHS, ili kulinda siri za kaya, husogeza nukta za vijijini hadi kilomita tano, na chache hadi kumi. Kuchota mwinuko wa mita 30 kwenye nukta kama hiyo hakuna maana. Chukua wastani wa duara la kilomita tano kuizunguka, au tumia safu za mvua na mwinuko zinazotolewa pamoja na utafiti wenyewe pale zilipochotwa kwenye nukta halisi kabla hazijasogezwa.