Ndizi Zimejaa, Protini Bado: Mlo wa Mama Anayenyonyesha Nkwenda

Nkwenda, wilayani Kyerwa, mama anayenyonyesha anaweza kushiba vizuri na bado mwili wake ukadai. Gramu 100 za ndizi zilizopikwa zina kalori takriban 115, lakini protini ni kama gramu 1 tu. Tumbo hujaa kabla protini haijatosha.

Tuchukue mfano wa mama mwenye kilo 55, anayemnyonyesha mtoto wa miezi mitatu asiyekula kingine. Bila kunyonyesha angehitaji protini gramu 46 kwa siku; kunyonyesha kunaongeza 19, jumla 65. Kwa kazi za kawaida za shamba na nyumba, kalori zake ni kama 2,200, na maziwa yanadai 500 zaidi.

Asubuhi anakunywa chai ya rangi na kula kiazi kitamu. Mchana na jioni anakula ndizi, gramu 600 kila mlo, pamoja na nusu kikombe cha maharage yaliyoiva. Ukijumlisha unapata kalori zipatazo 1,850 na protini gramu 30. Nguvu imepita theluthi mbili ya mahitaji, protini haijafika nusu.

Kumwongezea ndizi hakutasaidia sana. Maharage yawe kikombe kizima kila mlo: hapo zinaongezeka gramu 15 za protini kwa siku. Kiganja cha dagaa wakavu, kama gramu 20, kinaleta 11 hivi. Wapeperushe mchanga, waoshe, kisha wapike ndani ya mchuzi. Chai ya rangi ibadilishwe kwa kikombe cha maziwa, gramu 8. Konzi ya karanga, gramu 7. Nusu parachichi na kijiko cha mafuta huleta nguvu bila kujaza tumbo. Sasa kalori zinakaribia 2,750 na protini imepita 70. Ziada hiyo ina kazi, maana protini ya maharage haitumiki yote mwilini. Mchicha au kisamvu visikosekane, ingawa havibadilishi hesabu hii.

Dagaa wakikosekana, mayai mawili yanashika nafasi yao. Maziwa yakikosekana, kikombe kingine cha maharage kinafidia protini, lakini si madini ya chokaa. Hapo dagaa wanaoliwa na mifupa yao ndio wa kutegemea.

Mlo ukipungua, maziwa hayakauki mara moja. Kwa kawaida mwili huendelea kuyatengeneza kwa kuchota akiba yake, ndiyo maana mtoto anaweza kunenepa huku mama akikonda. Kwa hiyo mizani isiwe ya mtoto peke yake: mama akipungua zaidi ya kilo 2 kwa mwezi baada ya mwezi wa kwanza, akaangaliwe kituo cha afya. Mtoto asipoongezeka kwenye kadi, usikimbilie kumlisha mama supu. Kwanza tazama ananyonyaje na mara ngapi, hata usiku, kwa sababu kinachochochea maziwa zaidi ni kunyonya. Mwenye mapacha atahitaji hesabu yake mwenyewe, iliyo kubwa kuliko hii.