Vidonge Kumi na Vinne vya Bungoma

Chukua mke na mume wa kubuni, ingawa watu wa aina yao si haba huku magharibi mwa Kenya. Mama anauza mboga sokoni Kitale. Baba ni fundi wa mjengo, wiki nzima yuko Bungoma na hurudi nyumbani Jumamosi jioni. Mama amepimwa na karatasi ya maabara inasema klamidia ipo. Haumwi popote. Swali lake la kwanza si la dawa: "Ni nani ameniletea?"

Karatasi hiyo haijui. Kipimo kinatafuta vinasaba vya bakteria anayeitwa Chlamydia trachomatis, ama katika mkojo ule wa mwanzo kabisa unapoanza kutoka, ama katika kijiti cha pamba ambacho mwanamke anaweza kukiingiza ukeni mwenyewe. Kwa wanawake kijiti hunasa vizuri kuliko mkojo. Lakini kinasema mdudu yupo, basi. Hakisemi aliingia lini, na klamidia inaweza kukaa mwilini miezi mingi, hata kupita mwaka, bila uchafu wala maumivu. Anayefungua kesi ya ndoa kwa karatasi hiyo hana ushahidi.

Ukimya huo ndio unaowaponyoka wahudumu. Zahanati zetu nyingi hutibu magonjwa ya zinaa kwa kuangalia dalili, na asiye na dalili hupita. Katika utafiti uliofanyika Kisumu na kuchapishwa 2023, wanawake vijana 449 waliokuwa wakitumia dawa za kujikinga na virusi vya Ukimwi walipimwa mara kwa mara. Kati ya maambukizi mapya 109 ya zinaa yaliyopatikana, 85 yalikuwa klamidia. Huku ikinyamaza, inaweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu, na makovu hayo ndiyo huleta mimba kutunga nje ya kizazi, au kukosa mtoto.

Dawa yenyewe ni rahisi: doksisaiklini ya miligramu 100, asubuhi na jioni, siku saba. Jumla ni vidonge 14. Mjamzito hapewi hiyo. Yeye humeza gramu moja ya azithromaisini kwa mara moja. Siku saba zina sababu. Bakteria huyu huishi ndani ya seli zetu, na mzunguko wake mmoja huchukua siku mbili au tatu. Akiwa nje ya seli amejifunga kama mbegu kavu, wala dawa haimpati. Inampata akiingia na kuanza kukua, kwa hiyo ni lazima iwepo damuni mizunguko kadhaa mfululizo. Mama ameze kwa glasi nzima ya maji na asilale papo hapo, kwa sababu kidonge kikikwama kooni huunguza. Asikichanganye na vidonge vya madini ya chuma wala dawa ya kiungulia. Na jua la shambani litamchoma kuliko kawaida.

Sasa tuhesabu. Mama ameanza Jumatatu asubuhi na atamaliza Jumapili usiku. Baba anafika Jumamosi, hana dalili, na anasema hadi apimwe kwanza. Hapana, aanze tu. Aliyelala na mgonjwa katika siku 60 zilizopita hutibiwa bila kungoja majibu, ingawa kupimwa pamoja na virusi vya Ukimwi na kaswende ni jambo zuri. Akimeza cha kwanza Jumamosi hiyo usiku, cha 14 kitaangukia Jumamosi inayofuata asubuhi, akiwa kwenye mjengo Bungoma. Hatari iko ile Jumamosi ya kwanza. Wakikutana kimwili usiku huo, mama aliyebakisha siku moja ya dawa anapokea upya kutoka kwa mtu ambaye ndiyo kwanza ameanza. Kwa hiyo hesabu ya kujizuia inafuata kidonge cha mwisho cha anayemaliza nyuma.

Mama atataka kurudi kupima baada ya wiki mbili ajue kama amepona. Huko ni mapema mno. Mashine inatafuta vinasaba, haijali kama bakteria mwenyewe yu hai. Ni kama kukuta magunzi shambani na kudhani mahindi bado hayajavunwa. Masalia hayo yanaweza kuonekana kwa wiki tatu au nne, na mtu akapewa dawa tena bure. Mjamzito ndiye anayepimwa wiki nne hivi baada ya tiba kuhakikisha amepona, kwa kuwa mtoto anaweza kuambukizwa akizaliwa, kisha naye anarudi baada ya miezi mitatu.

Wengine wote hurudi baada ya miezi mitatu, na kipimo hicho kinauliza swali tofauti: je, ameambukizwa tena? Likija jibu kwamba klamidia ipo, dawa kushindwa si jambo la kwanza kushukiwa. Tabibu atauliza kama kuna mwenzi mpya, kisha atauliza vile vidonge vya Bungoma: vilimezwa vingapi, na vingapi vilibaki kwenye mfuko wa suruali ya kazi.