Hotuba ya Mwanzilishi wa Kiwanda cha Maji ya Matunda: Lita za Jukwaani na Kilo za Shambani

Siku ya kuzindua kampuni ya kutengeneza maji ya matunda, mwanzilishi wake hupewa nafasi ya kusema kabla ya mgeni rasmi. Huwashukuru viongozi na wazee wa mahali, hueleza jinsi wazo lilivyoanza, huonyesha mitambo, kisha huwaahidi wakulima soko. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayobebwa hadi vijijini. Katika milima ya Usambara, ambako plamu, mapea, mafyulisi na pasheni hustawi kwa sababu ya baridi na mwinuko, mkulima anayesikia neno “soko” huanza kuhesabu mashimo ya miche kabla turubai la sherehe halijakunjwa. Kwa hiyo yafaa makatibu wa vyama wajue namna ya kuisikiliza hotuba hiyo. Yafaa vilevile wajue namna ya kuiandika, kwa kuwa chama kinapoanzisha kiwanda chake chenyewe, katibu ndiye anayeombwa kutayarisha maneno ya mwenyekiti.

Jambo la kwanza ni kipimo. Mwanzilishi kwa kawaida hutaja uwezo wa kiwanda kwa lita, maana yeye huuza chupa. Mkulima huuza kwa kilo, debe au tenga. Kati ya lita na kilo kuna hesabu ambayo isipofanywa huleta hasara, na mara nyingi hasara hiyo humwangukia aliyepanda.

Tuchukue mfano wa kampuni ambayo mwanzilishi wake anatangaza kwamba kiwanda kitatoa lita 4,000 za kinywaji cha pasheni kila siku. Tunda la pasheni lina ganda nene na mbegu nyingi, na maji yanayopatikana ni kama theluthi moja tu ya uzito wake. Kwa maneno mengine, kilo tatu za matunda hutoa takriban lita moja ya maji halisi. Msikilizaji anayelijua tunda hili atazidisha lita 4,000 kwa tatu, na kupata kilo 12,000, yaani tani 12 kwa siku. Atarudi kijijini akisema kwamba hata kata nzima ikipanda pasheni, kiwanda hakitashiba.

Lakini maji halisi ya pasheni ni makali mno kunywewa peke yake. Kinywaji kinachouzwa huwa kimechanganywa na maji ya kawaida na sukari, na katika viwango vya kimataifa vya vyakula kinywaji cha namna hiyo huitwa nekta. Viwango hivyo hutaka nekta iwe na kiasi fulani cha maji ya tunda lenyewe, nacho hutofautiana tunda kwa tunda. Kwa pasheni, robo moja yatosha. Basi katika lita 4,000 za nekta, maji halisi ya pasheni yaweza kuwa lita 1,000 tu, na matunda yanayohitajiwa ni kilo 3,000. Tani 12 za jukwaani zimekuwa tani 3 za ghalani. Mwanzilishi hakusema uongo hata kidogo, maana lita 4,000 ni kweli, ila hakuna aliyezigeuza kuwa kilo mbele ya waliokuja kusikiliza.

Tena hata hizo tani 3 si lazima zitoke Usambara. Viwanda vingi duniani hutumia maji ya matunda yaliyopunguzwa maji kwa mvuke hadi yakawa mazito kama asali, ambayo husafirishwa kwa mapipa kutoka mbali na kuzimuliwa tena kiwandani. Ni njia halali na ina faida kwa mwenye kiwanda, kwa sababu pipa halina msimu. Hivyo swali la katibu lisiishie kwenye kilo ngapi. Aulize pia ni kilo ngapi za matunda mabichi zitakazopokelewa kwenye mizani ya hapa, na katika miezi ipi.

Jambo la pili ni msimu. Sentensi inayopigiwa makofi kuliko zote katika hotuba za namna hii ni ile isemayo, “Tutanunua matunda yenu yote.” Kwa plamu, sentensi hiyo ni vigumu kuitimiza, hata mwenye kuisema akiwa mtu wa kweli. Plamu za Lushoto huiva kwa pamoja, nyingi zikiwa kati ya Desemba na Februari. Ikiivia mtini, plamu haikai siku nyingi, na ikibonyea njiani huanza kuchacha upesi zaidi.

Tuseme mashine inaweza kusaga tani 2 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 8 za msimu. Hesabu ya haraka ni tani 96. Chama ambacho wanachama wake huvuna tani 90 kitadhani kwamba plamu zote zimepata mnunuzi na nafasi ya tani 6 inabaki. Lakini miti haizai kwa mafungu sawa. Wiki ya kwanza huenda zikaletwa tani 3 tu, na mashine ikakaa bure siku nyingi. Wiki ya nne, msimu unapopamba moto, zikaletwa tani 25, ilhali mashine haiwezi kupokea zaidi ya tani 12. Tani 13 za wiki hiyo hazina mahali pa kwenda, na nafasi iliyopotea wiki ya kwanza hairudi. Dalili yake huonekana mapema: magari yanapoanza kupanga foleni tangu asubuhi, na karani wa mizani anapoanza kukataa matunda ambayo wiki iliyotangulia aliyapokea, tatizo si ubora bali ni nafasi.

Kuna njia ya kupunguza tatizo hilo. Plamu huweza kupashwa moto, kutolewa kokwa na kusagwa kuwa rojo, kisha rojo hiyo ikachemshwa kwa kiasi cha kuua vijidudu na kuhifadhiwa katika mapipa safi yasiyopitisha hewa, ili itengenezwe kinywaji mwezi wa Mei au Agosti. Lakini mashine ya rojo, mapipa na ghala huhitaji fedha. Kwa hiyo, mwanzilishi anaposema atanunua matunda yote, uliza juu ya mapipa. Kiwanda kisicho na mahali pa kuweka rojo hakiwezi kununua zaidi ya kile kinachosagwa siku ileile.

Jambo la tatu ni wakati. Mpasheni huanza kuzaa mnamo mwaka mmoja tangu kupandwa. Mplamu uliobebeshwa huchukua miaka mitatu au minne. Mitambo nayo ina kalenda yake, ya mikopo, umeme, maji na vibali vya Shirika la Viwango. Mfano mzuri wa jambo hili uko nchini Uganda, katika nchi ya Wateso. Jiwe la msingi la kiwanda cha matunda cha Soroti liliwekwa na Rais Yoweri Museveni mwaka 2012. Kiwanda hicho kilijengwa kwa msaada wa serikali ya Korea Kusini, na wakulima walipewa sehemu ya hisa kupitia chama chao kikuu cha ushirika cha wakuza matunda wa Teso. Ufunguzi rasmi ulifanyika Aprili 2019. Mchungwa uliopandwa siku ya jiwe la msingi ulikuwa umekwisha kuzaa zaidi ya mara moja kabla ya mlango wa kiwanda kufunguliwa. Machungwa hayo yalihitaji soko lingine katika miaka hiyo ya katikati, na mkulima ndiye aliyepaswa kulitafuta.

Funzo kwa Usambara ni kwamba hotuba ya jiwe la msingi na hotuba ya kuzindua mitambo ni mambo mawili tofauti. Katika ile ya kwanza, mwanzilishi hueleza anachotarajia. Katika ile ya pili, mashine imekwisha kujaribiwa, naye aweza kusema alichokipima. Mwanachama asipande kwa maneno ya hotuba ya kwanza, na wala asiliache soko lake la Mombo au la Dar es Salaam kwa sababu ya hotuba yoyote.

Basi hotuba iliyo njema husemaje? Si lazima iwe ndefu. Baada ya salamu na shukrani, sehemu ya wakulima yaweza kuwa na maneno ya namna hii:

“Mashine yetu inasaga tani 2 za matunda kwa siku, na tumeijaribu kwa muda wa wiki mbili. Mwaka huu tutapokea pasheni kwa mwaka mzima, na plamu kuanzia Desemba hadi Februari. Katika wiki ambazo matunda yatazidi tani 12, hatutaweza kuyachukua yote. Kila chama kitapewa zamu yake, na zamu hizo zitabandikwa hapa mlangoni mwezi mmoja kabla ya msimu. Bei tutakayotaja ni ya mizani ya kiwanda, na gharama ya gari ni juu ya mleta matunda. Tunda lililopasuka au lenye ukungu halitapokelewa, na mletaji ataonyeshwa sababu palepale.”

Maneno hayo huenda yasipigiwe makofi mengi, lakini kila sentensi yake yaweza kupimwa. Mwanachama atajua siku ya kuvuna, na karani wa chama atajua siku ya kukodi gari. Mwanzilishi naye hujilinda, maana asiyeahidi kupokea yote hawezi kudaiwa yote.

Hata hivyo, hotuba si mkataba. Chama cha ushirika kilichoandikishwa kina nafsi yake kisheria, nacho chaweza kuingia mkataba wa kuuza mazao kwa jina lake chenyewe. Katibu anayehudhuria uzinduzi na achukue daftari, aandike tarehe na kila tarakimu inayotajwa, pamoja na kipimo chake, kama ni lita, kilo au tani, na kama ni kwa siku au kwa mwaka. Wiki hiyohiyo bodi ya chama impelekee mwanzilishi barua, ikimwomba athibitishe kwa maandishi kilo atakazopokea kila wiki, mahali pa mizani, bei, na siku za malipo tangu kupokelewa kwa matunda. Jibu lake lisomwe katika mkutano wa wanachama kabla ya mche wowote kununuliwa kwa fedha za chama. Endapo jibu litataja lita peke yake, barua irudishwe kwa heshima, ikiuliza ni kilo ngapi.