Kutoweka na Kurejea kwa Mtandao wa Gigahezi 5: Uchunguzi wa Ukwepaji wa Rada katika Ruta

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza hitilafu moja ya mtandao wa waifai ambayo huwachanganya watumiaji wengi: mtandao wa gigahezi 5 hutoweka kabisa katika orodha ya simu na kompyuta, hukaa kimya kwa muda fulani, kisha hurejea wenyewe bila mtu yeyote kugusa ruta. Mtandao wa gigahezi 2.4 unaotolewa na ruta ileile huendelea kama kawaida. Jambo hilo la mwisho ndilo dalili ya kwanza kwamba tatizo haliko katika umeme wala katika waya unaoleta intaneti, bali katika redio moja tu ya ruta.

Hoja kuu ya makala ni kwamba muda wa kutoweka, ukipimwa kwa saa, humwelekeza mchunguzi kwenye chanzo. Na kwamba upana wa chaneli, zaidi ya namba yake, ndio unaoamua kama ruta itabanwa na masharti ya rada. Hoja hiyo inathibitishwa kwa kisa kimoja kilichotokea katika bweni la wanafunzi kaskazini mwa Ujerumani, ambako mwandishi alikuwa akifanya mahojiano ya utafiti kwa njia ya video na wazee walioko Lamu. Kila mahojiano yaliandaliwa kwa siku kadhaa, kwa simu ya kuazima na kwa saa ambayo mzee alikuwa na nafasi. Mahojiano mawili yalikatika katikati ya simulizi, na moja halikuweza kurudiwa.

2.0 Kwa nini ruta hukwepa rada

Bendi ya gigahezi 5 haikuwa tupu kabla ya waifai kuingia. Rada za hali ya hewa, za kijeshi na za usafiri zilikuwa zikitumia sehemu za masafa hayo tangu zamani. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva mwaka 2003 uliruhusu waifai kutumia sehemu hizo kwa sharti kwamba vifaa vyake viisikilize rada na kuipisha. Utaratibu huo ndio unaoonekana katika mipangilio ya ruta kwa herufi `DFS`.

Kwa Ulaya, sehemu zinazohusika ni mbili: kuanzia megahezi 5250 hadi 5350, na kuanzia 5470 hadi 5725. Chaneli namba 36 hadi 48 ziko chini ya 5250, hivyo hazina sharti hilo. Chaneli 52 hadi 64 na zile za kuanzia 100 hadi 140 zinalo.

Kabla ya kurusha mawimbi katika chaneli yenye sharti, ruta hutakiwa kunyamaza na kusikiliza kwa dakika 1. Iwapo chaneli inagusa masafa ya 5600 hadi 5650, ambayo ndiyo makazi ya rada za hali ya hewa barani Ulaya, muda wa kusikiliza huwa dakika 10. Ikiwa ruta imekwisha kuanza kazi na ikasikia mapigo yanayofanana na ya rada, hutakiwa kuihama chaneli ndani ya sekunde 10, na hairuhusiwi kuirudia kwa dakika 30. Hivyo basi zipo namba tatu za kukumbuka: 1, 10 na 30. Mtumiaji haoni rada. Anachoona ni ukimya wa ruta wakati wa kusikiliza au wa kungoja.

3.0 Kisa: chaneli 36 isiyokuwa salama

Mwandishi alikuwa ameichagua chaneli 36 kwa makusudi, akijua kwamba haina sharti la rada. Kwa sababu hiyo, dhana ya rada ilitupiliwa mbali mwanzoni, na siku kadhaa zilipotea katika kubadilisha waya, kuisogeza ruta na kuilaumu kampuni ya intaneti. Kosa liligunduliwa pale hali halisi ya redio ilipoangaliwa kwa amri ya `iw dev`, ambayo ilitoa mstari huu:

```
channel 36 (5180 MHz), width: 160 MHz, center1: 5250 MHz
```

Maana ya mstari huu ni kwamba 36 ni chaneli ya msingi tu. Mawimbi yenyewe yalitandazwa katika upana wa megahezi 160, na kitovu chake kikiwa 5250. Ukitoa 80 unapata 5170. Ukiongeza 80 unapata 5330. Nusu ya juu ya mtandao huo, kwa hiyo, ilikuwa ndani ya masafa ya rada. Ni sawa na mtu aliyejenga mlango wa nyumba katika kiwanja chake huku vyumba vikiwa katika kiwanja cha jirani: anuani ni yake, lakini mgogoro haumwepuki.

Ruta hiyo ilitumia mfumo wa OpenWrt, na kumbukumbu zake za matukio zilisomwa kwa amri ya `logread | grep DFS`. Matukio ya jioni moja yalikuwa kama ifuatavyo:

```
20:14:07 DFS-RADAR-DETECTED freq=5180 chan_width=5 cf1=5250
20:14:07 DFS-NEW-CHANNEL freq=5500 chan=100
20:14:08 DFS-CAC-START freq=5500 chan=100 cac_time=600s
20:24:09 DFS-CAC-COMPLETED success=1 freq=5500
20:31:40 DFS-RADAR-DETECTED freq=5500 chan_width=5 cf1=5570
```

Mistari imefupishwa ili ibaki sehemu zinazohitajika. Thamani `chan_width=5` si megahezi 5, bali ni alama ya upana wa 160. Saa 2:14 usiku ruta ilisikia mapigo, ikahama. Kwa kuwa programu ya ruta hiyo ilishikilia upana uleule, na kwa kuwa Ulaya ina nafasi mbili tu za upana huo katika bendi hii, ilibidi iende kwenye nafasi ya pili, inayoanzia chaneli 100. Nafasi hiyo hutanda kuanzia 5490 hadi 5650, hivyo inagusa masafa ya rada za hali ya hewa. Ndiyo maana `cac_time` ni sekunde 600: mtandao ulitoweka kwa dakika 10 kamili, ukarejea saa 2:24.

Saa 2:31 mapigo yalisikika tena, safari hii katika nafasi ya pili. Sasa ruta haikuwa na pa kwenda. Nafasi ya kwanza ilikuwa imefungwa tangu saa 2:14, na ingefunguliwa saa 2:44. Ilingoja hadi wakati huo, ikasikiliza kwa dakika 1, na mtandao ukaonekana tena saa 2:45. Kutoweka huku kulichukua takriban dakika 14. Mtumiaji asiyeona kumbukumbu angesema kwamba mtandao unakatika ovyo, mara dakika 10, mara 14, na siku nyingine dakika 1. Kumbe kila muda ulikuwa na hesabu yake.

4.0 Rada ya kweli au ya kudhaniwa?

Neno `DFS-RADAR-DETECTED` lisichukuliwe kuwa ushahidi wa kuwapo kwa rada. Linaeleza tu kwamba redio imepokea mfululizo wa mapigo mafupi unaolingana na mojawapo ya ruwaza ilizofundishwa kuzitambua. Ruta ya jirani inayotuma data kwa vipande vifupi, au kasoro ya redio yenyewe, vinaweza kuzaa ruwaza ya namna hiyo.

Njia iliyotumika kutofautisha ilikuwa nyepesi. Ruta ya pili, ya aina nyingine, iliazimwa kwa mwanafunzi jirani na kuwekwa kando ya ile ya kwanza, saa zote mbili zikiwa zimelinganishwa. Katika nafasi ya chini, kwa jioni tatu, ruta ya kwanza iliandika mara nne kwamba imesikia rada, ilhali ya pili haikuandika hata mara moja. Katika nafasi ya juu, zote mbili ziliandika ndani ya sekunde ileile. Matokeo hayo yanaashiria kwamba ugunduzi wa chini huenda ulikuwa wa uongo, na kwamba wa juu ulitokana na mawimbi halisi kutoka nje. Tafsiri ya pili inapata nguvu kwa kuwa Ujerumani ina mtandao wa rada za hali ya hewa unaofanya kazi katika masafa hayo hayo. Hata hivyo, jaribio hili lina mpaka: ruta mbili hazina usikivu sawa, na ukimya wa mojawapo hauthibitishi kwamba hapakuwa na kitu.

5.0 Tiba, na njia ya mkato isiyofaa

Tiba iliyochaguliwa ni kupunguza upana, si kubadilisha namba ya chaneli. Kwa upana wa 80, chaneli 36 hutanda kuanzia 5170 hadi 5250 na kukomea hasa pale masafa ya rada yanapoanzia. Katika ruta hiyo, amri zilikuwa hizi:

```
uci set wireless.radio1.channel='36'
uci set wireless.radio1.htmode='HE80'
uci commit wireless
wifi reload
```

Namba ya `radio1` hutofautiana kati ya ruta na ruta, hivyo ithibitishwe kwanza kwa `uci show wireless`. Baada ya hapo, kumbukumbu hazikuonyesha tena tukio lolote la rada, na mtandao haukutoweka. Gharama yake ni kwamba kasi ya juu kabisa hupungua kwa karibu nusu, na ruta huingia katika eneo linalogombewa na majirani wengi. Kwa mazungumzo ya video, ambayo huhitaji uthabiti kuliko kasi, gharama hiyo ni ndogo.

Wapo waliomshauri mwandishi abadilishe nchi katika mipangilio ya ruta, ili achukue kanuni za mahali ambako sharti ni jepesi zaidi. Ushauri huo haufai. Ruta inayodanganywa kuhusu nchi iliyomo inaweza kurusha mawimbi juu ya rada bila kunyamaza. Mwaka 2009 huko San Juan, Puerto Rico, vifaa vya mtandao usiotumia waya vya gigahezi 5 vilibainika kuingilia rada ya hali ya hewa inayohudumia uwanja wa ndege, rada ambayo kazi yake ni kugundua mikondo hatari ya upepo wakati ndege zinatua na kupaa. Usumbufu wa dakika 10 chumbani hauwezi kupimwa mizani moja na upofu wa chombo cha aina hiyo.

Kwa msomaji aliyeko Afrika Mashariki, namba za Ulaya zisihamishwe kama zilivyo, kwa kuwa kila nchi ina mgawo wake wa masafa. Amri ya `iw reg get` huonyesha kanuni ambazo ruta inazifuata. Masafa yenye sharti huandikiwa `DFS` mwishoni mwa mstari.

6.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba mtandao wa gigahezi 5 unaotoweka na kurejea unaweza kuchunguzwa kwa hatua tatu: kuhakikisha kwamba gigahezi 2.4 inabaki, kupima muda wa kutoweka na kuulinganisha na dakika 1, 10 na 30, kisha kusoma upana halisi wa chaneli pamoja na kumbukumbu za ruta. Katika kisa kilichojadiliwa, ruta haikuwa mbovu. Ilitii sharti ambalo mwenye nayo hakujua kwamba amejiingiza ndani yake kwa kuchagua upana wa 160. Mahojiano yaliyofuata yalifanyika hadi mwisho bila kukatika. Lile moja lililopotea halikupatikana tena.