Kinyesi cha Kambi ya Barafu

Msomaji mmoja anauliza kwa nini watu wanahangaika na vyoo vya Kilimanjaro ilhali kinyesi ni kitu cha asili: si kifukiwe tu, ardhi ikimalize kama inavyokimaliza cha tembo? Takataka za kawaida hajaziulizia, na sitakaa nazo sana. Makopo, mifuko na mabaki ya jikoni huwekwa kwenye magunia, hupimwa kwa mizani kambini, na kiongozi wa msafara hujua kwamba uzito ukipungua njiani ataulizwa. Utaratibu huo una kasoro zake, lakini unafanya kazi, kwa sababu kilichopimwa kina mwenyewe. Kinyesi hakipimwi na mtu, na dhana ya msomaji wetu kwamba ardhi itakimaliza ndiyo imefanya kisipimwe.

Ardhi haili chochote. Wanaokula ni bakteria na kuvu, na hao wanahitaji joto, maji na udongo wenye uhai. Huko chini msituni, mtu akichimba kishimo cha sentimita 15 hadi 20 mbali na mto na kufukia, baada ya miezi kadhaa hukuti kitu cha maana. Sasa panda hadi Kambi ya Barafu, mita 4,673 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo wengi hulala saa chache kabla ya kuanza safari ya usiku kwenda Uhuru. Hewa hupoa kwa takribani nyuzi 0.6 za Selsiasi kwa kila mita 100 unazopanda. Moshi Mjini iko chini ya Barafu kwa karibu mita 3,800, na wastani wa joto lake ni kama nyuzi 23. Fanya hesabu, utaona kwamba wastani wa Barafu unakaribia sifuri: mchana jua linachoma, usiku maji yanaganda. Kazi ya bakteria nayo hupungua kwa nusu au zaidi kila joto linaposhuka nyuzi 10, kwa hiyo hata katika saa ambazo shimo halijaganda, kasi ya uozaji ni kama moja ya tano ya ile ya Moshi, au chini ya hapo. Ongeza ukavu wa jangwa lile la juu, kwa kuwa mvua nyingi huishia kwenye ukanda wa msitu, na changarawe za volkano zisizo na mboji.

Fikiria mtungi wa mbege. Ndizi mbivu zimechemshwa, zimepoa, zimechanganywa na ulezi uliooteshwa, na uani Marangu chachu inaanza kazi yake yenyewe, povu linapanda, na baada ya siku chache kinywaji kiko tayari. Mtungi uleule ukiupandisha Barafu siku ya kwanza, hautaiva. Chachu haijafa, imelala tu. Ukikaa mwezi, bado ni ndizi na ulezi. Ukiushusha Marangu, povu linaanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Shimo la choo la Barafu liko katika hali hiyo. Wale bakteria ambao wangeozesha kinyesi wamelala, na baadhi ya vijidudu vya magonjwa vimehifadhiwa pamoja nao. Giadia, kijidudu cha kuharisha, huishi wiki nyingi zaidi katika maji ya baridi kuliko katika maji ya vuguvugu, na mayai ya minyoo huweza kungoja miaka. Choo cha shimo mahali pale ni ghala, na ghala hujaa. Likijaa, linachimbwa jingine pembeni.

Ushahidi mzuri zaidi umetoka Denali, mlima mrefu kuliko yote Amerika ya Kaskazini. Kwa miongo mingi wapandaji walitupa kinyesi kwenye nyufa za barafu ya Kahiltna wakiamini kwamba mto ule wa barafu ungekisaga. Mtaalamu wa barafu Michael Loso na wenzake walipochunguza, waligundua kwamba bakteria wa kinyesi hudumu ndani ya barafu, na kwamba kilichotupwa juu kitaibuka tena chini pale barafu inapoyeyuka. Tangu 2018, kila anayepanda kupitia njia ya kawaida anatakiwa kushusha kinyesi chake chote cha kambi zilizo chini ya futi 14,200. Anapewa kopo la plastiki lenye kifuniko cha kukazwa, na moja ya kanuni zake ni kwamba mkojo hauingii humo.

Kanuni hiyo ndiyo kiini cha jambo. Mtu mzima hutoa mkojo wa karibu lita 1.4 kwa siku, lakini kinyesi chake hakizidi sana gramu 200. Chukua msafara wa wageni sita, ambao kwa kawaida huhitaji wapagazi, wapishi na viongozi wapatao 18. Watu 24 kwa siku wanatoa mkojo wa kilo 34 na kinyesi cha kilo tano hivi. Vikichanganywa ni kilo 39, mizigo miwili kamili kwa kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi, kila siku. Vikitenganishwa, kinachohitaji kubebwa ni kilo tano, na sehemu kubwa ya hizo ni maji ambayo hewa kavu ya juu itaanza kuyanyonya. Kemia nayo inashangilia utengano huu. Mkojo wa mtu mwenye afya una vijidudu vichache na hauna harufu kali unapotoka. Ndani yake kuna yurea. Bakteria wa kinyesi wana kimeng'enya kinachoivunja yurea kuwa amonia, na hapo ndipo uvundo ule unaochoma macho unapozaliwa. Mwili wenyewe umeshavitenga kwa njia mbili. Sisi ndio tunaovikutanisha shimoni. Choo kitenganishi, yaani kiti chenye mfereji wa mbele wa mkojo na ndoo ya nyuma, kinahifadhi tu kazi ambayo tayari imefanywa. Mkojo wenyewe unaweza kumwagwa kwa kutawanywa, mbali na vijito.

Kuna atakayejibu kwamba makampuni mengi tayari yanabeba vyoo vya hema. Yanabeba, lakini mara nyingi ni vya wageni peke yao, na asubuhi ndoo humwagwa katika shimo la kambi. Mgeni amepata staha, mlima haujapata nafuu, na wale 18 wamebaki na shimo au nyuma ya jiwe. Pingamizi la pili ni zito zaidi: je, tunamwongezea mpagazi mzigo mchafu? Ndiyo, kwa hiyo awe mpagazi wa ziada, alipwe, apewe glavu na ndoo isiyovuja. Chakula hupungua kila siku, na kwa kilo tano za kila siku msafara hauongezi zaidi ya mtu mmoja au wawili. Kule chini, kinyesi kikichanganywa na maranda na kurundikwa vizuri, lundo hupanda joto lenyewe. Likizidi nyuzi 50 kwa wiki nzima au zaidi, mayai ya minyoo hufa. Chachu iliyolala Barafu inaamkia hapo.

Kilichobaki ni mizani. Ile inayopima magunia ya takataka inaweza kupima ndoo zenye kifuniko, kwa hesabu ya watu na siku walizolala juu. Na wewe unayepanga kupanda, kabla hujalipa, iulize kampuni mambo mawili: choo chenu kinamwagwa wapi, na wapagazi wenu wanatumia kipi?