Robo Mwaka Juu, Miezi Chini

Ukiandika "Robo ya 1" peke yake juu ya safu ya jedwali, mhasibu wa halmashauri atasoma Julai hadi Septemba, kwa kuwa mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, Tanzania na Kenya vilevile. Mwenye duka anayefunga hesabu zake Desemba atasoma Januari hadi Machi. Kila mmoja ana haki ya kusoma hivyo. Kichwa cha ngazi mbili humaliza utata huo: mstari wa juu hutaja robo mwaka, wa chini hutaja miezi mitatu iliyomo ndani yake, na hakuna tena cha kukisia.

Tuchukue mfano wa chama cha ushirika cha maziwa. Kila kituo cha kukusanyia kina mstari wake, na lita za kila mwezi zina safu yake. Kituo cha kwanza kilipokea lita 4,200 Julai, 3,900 Agosti na 3,600 Septemba. Kisha 3,500 Oktoba, 4,100 Novemba na 4,800 Desemba. Katika Excel, safu B hadi D ni za Robo ya 1, E hadi G ni za Robo ya 2.

Wengi huandika "Robo ya 1" kwenye seli B1, wakachagua B1 hadi D1 na kubonyeza "Merge & Center". Machoni kazi imekwisha, maneno yamekaa katikati juu ya miezi yake. Lakini kwa kompyuta maneno hayo yamo ndani ya B1 tu. C1 na D1 ni tupu. Siku katibu anapotaka jumla ya robo kwa ajili ya muhtasari, ataandika fomula hii:

```
=SUMIF($B$1:$G$1,"Robo ya 1",B3:G3)
```

Jibu litakuwa 4,200, yaani Julai peke yake, badala ya 11,700. Excel haitatoa onyo lolote, na hapo ndipo hatari ilipo: namba inaonekana ya kawaida, inaingia kwenye ripoti, inasomwa mbele ya wanachama. Dalili yake ni moja: jumla ya robo inalingana kabisa na mwezi wake wa kwanza.

Seli zilizounganishwa zina usumbufu mwingine pia. Ukichagua jedwali zima pamoja na kichwa ili upange vituo kwa wingi wa maziwa, Excel hukataa na kudai seli zilizounganishwa ziwe na ukubwa sawa. Kwa hiyo mimi napendelea njia nyingine: chagua B1 hadi D1, bonyeza Ctrl+1, fungua "Alignment", na kwenye "Horizontal" chagua "Center Across Selection". Maneno hukaa katikati vilevile, lakini seli zinabaki tatu. Chora mstari mwembamba chini ya kila robo ili jicho lione miezi yake inaishia wapi.

Njia hii hutibu upangaji tu. C1 na D1 bado ni tupu, kwa hiyo fomula ya juu itaendelea kukosea. Ongeza mstari mmoja juu kabisa ya jedwali, uandike R1 juu ya kila mwezi wa robo ya kwanza na R2 juu ya kila mwezi wa robo ya pili, kisha uufiche. Fomula isome mstari huo:

```
=SUMIF($B$1:$G$1,"R1",B4:G4)
```

Sasa inatoka 11,700.

Wasomaji wa ripoti hupenda pia kuona safu ya "Jumla" mwishoni mwa kila robo, na ni haki yao. Ila mtu akijumlisha mstari wote kwa SUM, atahesabu miezi pamoja na jumla zake: nusu mwaka yenye lita 24,100 itageuka 48,200. Namba iliyozidi mara mbili kamili ndiyo alama ya kosa hili. SUBTOTAL huliepuka, maana huziruka SUBTOTAL nyingine zilizomo katika eneo inalojumlisha. Jumla za robo zikiwa kwenye E na I:

```
E4: =SUBTOTAL(9,B4:D4)
I4: =SUBTOTAL(9,F4:H4)
J4: =SUBTOTAL(9,B4:I4)
```

Jedwali likivuka ukurasa mmoja, nenda "Page Layout", kisha "Print Titles", na kwenye "Rows to repeat at top" weka $2:$3. Ukitaja mstari wa miezi pekee, ukurasa wa pili utaonyesha Julai na Agosti bila robo yake. Na kabla hujaituma ripoti, chukua kituo kimoja, jumlisha miezi yake mitatu kwa kikokotoo, ulinganishe na jumla ya robo iliyoandikwa.