Kutoka Dawati la Msaada hadi Wingu: Mradi Mmoja wa Bekapu

Fundi wa dawati la msaada hushinda akirekebisha printa, akifungua akaunti zilizojifunga, akiwapa wafanyakazi wapya ruhusa ya kufikia folda za ofisi na kurudisha faili lililofutwa kwa bahati mbaya. Ruhusa na bekapu, ambazo kwake ni shughuli za kila wiki, hubeba pia sehemu kubwa ya kazi ya wingu. Mhandisi wa wingu huamua nani afikie nini na huhakikisha data inarudi ikipotea. Tofauti ni kwamba seva haipo tena katika chumba cha nyuma; ipo katika kituo cha data cha kampuni kama Amazon au Microsoft, nayo hukodishwa kwa saa au kwa gigabaiti. Ndiyo maana mradi wa kwanza unaomfaa fundi huyu ni bekapu: kuchukua mafaili ya seva ndogo ya nyumbani na kuyapeleka kwenye wingu kila usiku.

Maabara ya nyumbani haihitaji mashine ya bei kubwa. Kompyuta ya ofisi iliyokwishatumika, yenye RAM ya gigabaiti 8 au, afadhali, 16, inatosha. Juu yake huwekwa VirtualBox, programu ya bure inayowezesha kompyuta moja kubeba kompyuta pepe kadhaa, kisha ndani yake husimikwa Ubuntu Server, ambayo huridhika na gigabaiti 2 za RAM. Kikwazo cha kwanza huwa katika mipangilio ya BIOS: kompyuta nyingi za ofisi hufika zikiwa zimezimiwa uwezo wa kuendesha kompyuta pepe, na VirtualBox hulalamika kwa ujumbe unaotaja `VT-x is disabled`. Huwashwa humo humo BIOS, na kazi huendelea.

Mradi huu una faida nyingine kwa anayetumia intaneti ya simu. Mitandao ya simu kwa kawaida huwapa wateja wengi anwani moja ya pamoja, kwa hiyo seva ya nyumbani haifikiki kutoka nje. Bekapu haiguswi na hilo, kwa kuwa ni seva ya nyumbani inayoanzisha mawasiliano kuelekea nje. Kinachotaka hesabu ni bando: mara ya kwanza mafaili yote husafiri, lakini siku zinazofuata hupelekwa mapya na yaliyobadilika tu.

Upande wa wingu, huduma ya Amazon inayohifadhi mafaili huitwa S3, na chombo chake ni baketi. Katika vituo vya Virginia, gigabaiti moja ya hifadhi ya kawaida hutozwa takriban dola 0.023 kwa mwezi, hivyo gigabaiti 20 hazifiki nusu dola. Hata hivyo fundi mwangalifu huanza kwa kuweka kikomo cha bajeti na tahadhari ya barua pepe, akijua kwamba tahadhari hiyo hutoa taarifa tu na haizimi huduma yoyote, na kwamba taarifa huweza kuchelewa kwa saa kadhaa.

Sehemu inayofundisha zaidi ni ruhusa. Akaunti kuu iliyofunguliwa kwa kadi ya benki hulindwa kwa uthibitisho wa hatua mbili na haitumiwi kwa kazi za kila siku. Kwa ajili ya seva hutengenezwa mtumiaji wa pekee mwenye ufunguo wake, anayeruhusiwa mambo matatu tu: kuorodhesha yaliyomo katika baketi, kuweka faili na kusoma faili. Kufuta hakumo. Hapa wengi hukwama, kwa sababu ruhusa ya kuorodhesha huhusu baketi yenyewe, ilhali za kuweka na kusoma huhusu vilivyomo ndani yake. Zote zikiandikwa kwa anwani ya vilivyomo, amri hugoma na kujibu `AccessDenied` ikitaja `ListObjectsV2`. Anayesoma jina hilo kwa makini hujua mara moja kwamba kilichokosekana ni ruhusa ya kuorodhesha, wala hana sababu ya kumfungulia mtumiaji huyo milango yote.

Baada ya amri kufanya kazi kwa mkono, hupangiwa ratiba kwa cron:

```
30 20 * * * /usr/local/bin/aws s3 sync /srv/hati s3://hati-za-majaribio/ >> /home/fundi/nakala.log 2>&1
```

Mstari huo huendesha bekapu kila siku saa mbili na nusu usiku, kwa saa ya seva, ambayo Ubuntu Server mara nyingi huiweka katika UTC hadi ibadilishwe. Mwisho wa mstari, unaoandika majibu yote kwenye faili la kumbukumbu, ndio unaookoa. Amri iliyofanya kazi mchana mbele ya fundi huweza kushindwa kimya usiku. Ikiwa kumbukumbu inasema `aws: not found`, cron haikujua programu ilipo, ndiyo sababu anwani yake kamili imeandikwa. Ikiwa inasema `Unable to locate credentials`, kwa kawaida ratiba imewekwa chini ya mtumiaji mkuu, root, wakati ufunguo umehifadhiwa katika folda la mtumiaji wa kawaida. Na kama hakuna kilichoandikwa kabisa, pengine mashine ilikuwa imezimika saa hiyo kwa kukatika umeme; cron hairudii kazi iliyopitwa na wakati.

Linabaki tatizo kubwa kuliko yote hayo. Virusi vya kudai fidia vikifunga mafaili ya seva kwa siri, usiku bekapu itapeleka mafaili yaliyoharibika na kuyaweka juu ya mazima. Dawa ni kuwasha utunzaji wa matoleo katika baketi, ili kila toleo la zamani libaki. Kwa kuwa ufunguo wa seva hauna ruhusa ya kufuta, aliyeuiba hawezi kuyaondoa matoleo hayo. Gharama yake ni kwamba kila toleo hutozwa kama faili kamili, hivyo huwekwa kanuni ya kuondoa matoleo yaliyopitwa baada ya, tuseme, siku 30.

Bekapu isiyowahi kurudishwa haijathibitishwa. Fundi hufuta folda la majaribio kwa makusudi, hulirudisha kutoka kwenye baketi, hulinganisha mafaili kwa `sha256sum`, kisha huandika muda uliotumika. Namba hiyo ya dakika ndiyo mwajiri mzoefu huiulizia.

Vyeti hueleweka vizuri zaidi baada ya kazi kama hii. Cheti cha mwanzo cha Amazon, Cloud Practitioner, kina maswali 65 kwa dakika 90, ada ya dola 100, na ufaulu ni alama 700 kati ya 1,000. Hupima ufahamu wa huduma, gharama na mgawanyo wa wajibu kati ya kampuni na mteja, na fundi mwenye uzoefu anaweza kukiruka aende moja kwa moja Solutions Architect Associate, wa dola 150, ambao huuliza kwa nini muundo huu uchaguliwe badala ya ule. Ofisi inayotegemea Microsoft humfaa zaidi AZ-104. Vyeti vya Amazon hudumu miaka 3. AZ-104 huhuishwa kila mwaka mtandaoni bila malipo.

Mradi huwekwa wazi kwenye GitHub kwa ukurasa mmoja: mchoro, ruhusa zilizotolewa na sababu zake, hitilafu zilizotokea, muda wa kurudisha na gharama ya mwezi. Ufunguo hauingii humo kamwe. Ukipenya, kufuta mstari hakutoshi, maana historia ya mabadiliko bado inauonyesha. Kwanza huzimwa katika akaunti ya wingu, kisha hutengenezwa mwingine.